Mgao wa Ghorofa ya Pili

Mjomba hakuja kusalimia. Aliingia ofisini kwa mpwa wake, mfasiri wa mikataba, akautua mkataba mezani pamoja na fremu yake. Ndiyo, fremu. Tangu autie saini alikuwa ameutundika mapokezi. Lugha yake hakuijua hata kidogo, lakini muhuri ulimkosha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee alikuwa ameitengea kampuni ya utalii ghorofa nzima ya pili ya hoteli yake, kwa ajili ya kundi la likizo la Jumamosi hii. Msimu wote alilitegemea kundi hilo. Likikosekana, hoteli inafungwa, basi. Asubuhi hiyo alipiga simu kuomba majina ya wageni, akajibiwa kwa upole kwamba hakuna hata mmoja aliyenunua safari. Sasa alitaka kifungu cha kuwabana.

"Nifasirie neno kwa neno," akasema. "Usinirembee."

Haya, mpwa akachukua karatasi, akafasiri kwa maandishi. Hoteli inatenga vyumba kama mgao. Kampuni ina haki ya kuviuza lakini hailazimiki kuvinunua. Tarehe ya kuachia ni wiki tatu kabla ya wageni kufika. Chumba ambacho hadi tarehe hiyo hakijaletewa jina la mgeni kinarudi hotelini chenyewe, bila taarifa wala malipo, na kuanzia hapo hoteli iko huru kukiuza kwa yeyote.

Hapo kwenye "kwa yeyote" mkono wake ukawa mzito. Ukoo mzima ulikijua kisa cha mafundi wa barabara, maana Mjomba alikuwa amekisimulia kwa kila mwenye masikio. Wiki iliyopita walikuja wakiitaka ghorofa ile ile, kwa miezi yote ya kazi yao, naye akawatimua kwa maringo: vyumba vina wenyewe, yeye si kigeugeu. Wakaenda hoteli ya jirani, wakatia saini huko. Mpwa alitamani sana kuiruka ile sentensi. Lakini ingemsaidia nini mzee wa watu? Akaimaliza ilivyo, akamsogezea karatasi.

Mjomba alisoma huku akifuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Wale mafundi," akasema. "Walipokuja..."

"Vyumba vilikuwa vimeshakuwa vyako, Mjomba. Ulikuwa huru."

Hakufoka. Heri angefoka, kwa sababu mpwa alimzoea akifoka. Alikaa tu, mikono magotini, akaonekana mdogo ndani ya koti lake.

Simu yake ikaita. Alikuwa mkewe, yuko ghorofa ya pili tangu alfajiri akiwaandalia wageni vyumba, sauti yake imejaa furaha hadi mpwa akaisikia: kile kitanda cha dirishani akiwekee taulo moja au mbili?

Mjomba akafumba macho.

"Weka mbili," akasema.