Mvua ya Fabian

Tangu wamzike Fabian mwezi wa nne, Cecilia hakuwa ametoa chozi. Majirani walisema kajikaza. Kujikaza wapi! Ilikuwa ganzi tupu, kuanzia unyayo hadi utosi. Alitaka jambo moja tu: bomba la kuogea alilonunua mumewe, pana kama sinia, lifungwe bafuni. Marehemu alioga kwa ndoo na kata tangu utotoni kule Haneti, akaapa kwamba siku moja atasimama chini ya mvua yake mwenyewe. Akafa boksi halijafunguliwa.

Fundi Anuari aliligeuzageuza boksi. "Mama, hili linataka lita kumi na mbili kwa dakika. Tupime kwanza."

Akafungua bomba la zamani bafuni, akatega ndoo yenye mstari wa lita kumi, akampa Cecilia simu ahesabu sekunde. Maji yakapita mstari, yakamwagika sakafuni. Cecilia kaikodolea macho simu, hana habari.

"Mama!"

"Samahani, fundi. Turudie."

Walirudia mara mbili, zote sekunde mia moja.

"Lita sita kwa dakika," Anuari alisema. "Tanki liko juu kidogo tu ya bafu, halina msukumo. Ukifunga hili, litadondosha katikati, kingoni kukavu. Humu weka dogo, la msukumo mdogo, la lita tano. Utaoga vizuri tu."

"Haya," Cecilia alisema. Hata hilo halikumuuma, na kutoumia kulimtisha.

Jikoni bomba lilitoka moja kwa moja kwenye laini ya mtaa, na leo ilikuwa zamu yao ya maji. Ndoo ilifika mstarini kwa sekunde arobaini.

"Lita kumi na tano! Hapa unamwaga maji bure, mama. Nitafunga kichujio cha mdomoni, kile kinachochanganya maji na hewa. Yatatoka lita sita, na vyombo vitatakata vilevile."

Cecilia alisimama akiitazama ndoo. "Bomba la uani nalo ni laini hiyohiyo?"

Walipima: sekunde arobaini na mbili. Lita kumi na nne na ushei.

"Basi lifunge hapa."

Anuari akakuna kichwa. "Uani, mama? Maji yenyewe mara mbili kwa wiki!"

"Zinamtosha Fabian."

Fundi akachukua spana. Alipandisha kipande cha bomba ukutani hadi juu ya kichwa, akafunga lile sinia, akafungulia. Maji yakashuka mapana, mpaka kingoni.

Cecilia alivua kandambili, akaingia chini yake na kanga zake zote. Baridi ya Juni ikampiga mgongoni.

"Yesu wangu, baridi!" alipiga kelele. "Fabian, yana baridi!"

Hapo ndipo alipolia, kilio cha msibani chenyewe, miezi miwili baadaye. Anuari akageukia ukuta. Aliyaacha maji yamwagike, wala hakuyahesabu.