Jibu la Swali la Nne

Pale maabara walimwita Kalamu, kwa kuwa hakosi kalamu kwenye nywele, na asingekuwa nayo angekwambia ameibiwa. Alikuwa mpimaji hodari. Lakini tangu mwaka jana alikuwa akila chakula cha mchana peke yake, akitazama ukuta, na wenzake walimsalimia kama mtu anavyomsalimia mlinzi wa benki.

Sasa hospitali kubwa ng'ambo ya mji ilitafuta msimamizi wa zamu. Kalamu aliitaka kazi ile kufa na kupona, si kwa cheo tu, bali aondoke kwenye ile meza ya ukutani.

Dada yake, afisa ajira, alimnoa kwa simu wiki nzima.

"Swali la ugomvi na mwenzako halikosi," alisema. "Anza na hali, maneno mawili matatu. Jukumu lako. Halafu hatua, hapo ndo ukae. Mwishoni matokeo, yenye namba. Na usimponde mwenzio."

"Tuliamua kutengeneza fomu..."

"Tuliamua na nani? Wanakuajiri wewe, mdogo wangu, si ukoo mzima. Sema wewe ulifanya nini."

Basi Kalamu akawa anajibu mbele ya friji, jioni baada ya jioni. Friji lilikubali kila kitu.

Siku ya usaili alikuta watu watatu mezani: mkuu wa maabara, muuguzi mkuu, na bwana wa utumishi asiyeinua macho. Swali la nne likawa lile lile.

"Tulikuwa wawili tunaopokezana zamu," alianza. "Mwenzangu alikuwa anakabidhi kwa mdomo tu. Siku moja sampuli ya damu ya mtoto ilibaki kwenye rafu bila kupimwa, mimi sikuambiwa, ikaharibika. Mtoto akachomwa sindano tena. Mimi ndiye niliyekuwa napokea zamu, kwa hiyo ilikuwa juu yangu kuhakikisha hakuna kinachopotea katikati. Nilipitia daftari la miezi mitatu, nikahesabu sampuli zilizorudiwa. Nikaandaa fomu ya ukurasa mmoja, nikaomba tukabidhiane dakika tano tukiwa tumesimama mbele ya sampuli zenyewe. Sampuli za kurudiwa zilikuwa tisa kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu ikabaki moja."

Bwana wa utumishi akaandika. Limepita kama maji, Kalamu akawaza.

"Na huyo mwenzako?" mkuu wa maabara akauliza. "Baada ya hapo mliishije?"

Jibu lilikuwepo. Tulielewana, na leo ni marafiki. Dada yake alilitunga, friji likalipitisha. Kalamu akalifungulia mdomo, kisha akaliacha.

"Hatukuelewana," alisema. "Ile hesabu niliisoma kwenye kikao, mbele ya watu wote, tarehe kwa tarehe. Yeye alikuwa hajaiona. Alikuwa rafiki yangu, tena ndiye pekee. Aliomba kuhamia tawi lingine. Fomu ilifanya kazi, lakini njia niliyopita haikuwa ya kiungwana. Leo ningemwita pembeni kwanza, nimwoneshe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote."

Muuguzi mkuu akashusha miwani. Kalamu akatoka akijua ameiharibu kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

Wiki ya pili alipigiwa simu: kazi ni yake. "Waombaji wenzako wote walituambia waliishia kuwa marafiki wakubwa," muuguzi mkuu alisema, akicheka kidogo. "Wewe tu ndiye uliyetueleza utakachobadilisha."

Kalamu akaruka, akapiga makofi, kisha akasimama katikati ya chumba. Dada yake alikuwa kikaoni. Wa pili wa kumpigia hakuwepo. Alikaa kitandani, furaha imemjaa na hana pa kuipeleka, na upweke ukamuuma kuliko siku zote. Mwisho akajikaza, akampigia yule mwenzake, waliyekuwa wakimwita Kicheko.

"Ni mimi," alisema. "Nimepata usimamizi wa zamu, hospitali ya ng'ambo ya mji."

"Hongera." Sauti haikuwa na kicheko hata chembe.

"Waliniuliza habari za ugomvi kazini. Nikawaambia ukweli. Kwamba nilikukosea, kwamba ningekuita pembeni kwanza, kwamba..."

"Umewaambia wao?"

"Ndiyo. Wote watatu."



"Mwaka mzima nasubiri neno hilo," Kicheko alisema. "Na umeenda kulisema tena mezani kwa watu, mimi naletewa habari."

Hakukata simu. Kalamu alimsikia akipumua upande wa pili, akisubiri, na safari hii hakuwa na jibu aliloliandaa.