Hati ya Shamba la Butiama

Masatu aliingia kwenye kikao cha akina mama wa dagaa pale Mwigobero na hati ya shamba la Butiama kwapani, na hotuba kichwani. Hotuba ndiyo ilikuwa nzito zaidi.

Alitaka laki mbili, anunue dagaa akauze Manyamanyama, Bunda. Wakopeshaji wengine wote walishamkatalia. Kikundi hiki kilikuwa na watu wanne, na afisa mikopo, kijana Jastin, alitaka watano. Kila mmoja anamdhamini mwenzake, marejesho ni kila Jumanne, na mmoja akikwama wenzake wanalipa, la sivyo wote wanakosa mkopo unaofuata.

"Hati naiona," alisema Dorkas, mwenyekiti. "Kaburi la babu yako liko wapi?"

"Humo humo shambani."

"Sasa ukikwama tumuuzie nani, baba Nathan? Nani Butiama atalima juu ya kaburi la ukoo wenu?"

Jastin akamrudishia hati bila kuifungua. Hakuhitaji hati, alihitaji watu wanaomjua Masatu. Na wanaomjua walikuwa hawa. Hapo ndipo penye taabu.

Masatu akasimama kuhutubia. Alianza na wakoloni, akapita kwenye bei ya pamba, akataja waliokula ushirika mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Alipofika kwenye riba, Wegesa, mmoja wa wale wanne, akamkatiza, macho bado kwenye ungo wa dagaa aliokuwa akichambua.

"Riba ni kubwa, hapo hujadanganya. Ila kikundi chetu cha kwanza ulikuwaga na sisi. Ukasema tusilipe, tuwakomoe. Ukaacha kulipa wewe, kila mtu akaogopa kubeba mzigo wa mwenzake, tukaacha wote. Miaka minne hakuna aliyetukopesha. Hiyo huikumbuki?"

Aliikumbuka sana. Vilabuni aliiita Mgomo wa Mwigobero, na yeye ndiye jemadari wake.

"Siku ile hela nilikuwa nayo," akasema, na sauti yake haikufika hata nusu ya hotuba. "Elfu kumi na tatu, mfukoni. Nikainywea, halafu nikasema ni mapinduzi."

Wanawake wakatazamana. Wegesa akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Muandike," Dorkas akamwambia Jastin. "Laki moja, siyo mbili. Na achukue wa mwisho, sisi tukishalipa wiki nne. Akilipa vizuri, awamu ijayo tutamwongezea."

"Kwa hiyo mnaniamini, mama?"

"Nyumba yako iko njiani kwangu. Kila asubuhi nitakuwa napita kukusalimia."

Jumanne yake ya kwanza ya marejesho, Masatu alifika kabla ya Jastin, elfu saba imelowa jasho kiganjani. Alikuwa na la kusema kuhusu riba.

"Lipa kwanza," Wegesa akamwambia.

Akalipa, akatia sahihi, ndipo akasema. Alisema kwa dakika mbili tu, bila wakoloni. Alipokaa, Wegesa akamgeukia Jastin.

"Haya, mwanangu. Mjibu mwenzetu."