Uzito wa Barafu

Maji yalidondoka chini ya kamioni, na kila tone lilimchoma Feza moyoni. Barafu ya samaki waliotoka Kasenga ilikuwa ikiyeyuka katika jua la mtaa wa Kamalondo.

Kazi yake kwa Mama Albertine, mfanyabiashara wa samaki, ilikuwa kukagua faktire, hati za kudai malipo, za wenye kamioni kabla hazijalipwa. Asubuhi hiyo aliizuia faktire ya Bwana Asumani, mwenye kamioni hiyo. Basi Lucien, dereva wake, akakataa kushusha mzigo kabla ya kulipwa pesa, akakaa juu yake kama kuku anayeatamia.

"Patron alisema makuta kwanza, samaki kisha," alisema. "Dada Feza, ukichelewa, Kamalondo yote itakujua kwa harufu!"

Wapakuzi wakacheka. Feza hakucheka. Karani aliyemtangulia alifukuzwa siku ileile mzigo ulipooza.

Mama Albertine alitoka dukani. "Feza, iko nini tena?"

"Mama, safari ya juma lililopita wameiandika tena. Namba ya faktire iko mupya, lakini bordero, ile karatasi inayosafiri na muzigo, ni ileile, na tulishalipa. Halafu wameongeza makuta ya barabara mubaya, hatukupatana vile. Na uzito! Tunalipa samaki peke yake, vile inapimwa Kasenga mbele ya kutia barafu. Wao wamepima na barafu na sanduku."

"Unajua je?"

"Kule kila sanduku inaingia kilo makumi ine ya samaki. Sanduku iko makumi tano, ni kilo elfu mbili. Wameandika elfu mbili na mia sita."

"Labda safari hii walijaza sana," Lucien akadakia.

Hilo ndilo Feza aliloliogopa. Kama walijaza kweli, basi ameozesha mali ya watu bure. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, nisimdhulumu mtu, wala nisimwache mtu atudhulumu.

"Chagua sanduku moja wewe mwenyewe," alimwambia Lucien. "Ikipita makumi ine, Mama atalipa uzito wenu."

Lucien alichagua lililojaa kuliko yote. Wakamwaga barafu, wakaweka samaki kwenye mizani. Mshale ukatetemeka, ukatulia: arobaini kamili.

"Miye niko chofere tu," Lucien akasema, akishuka. "Sikuandika miye."

Mama Albertine akalipa kilo elfu mbili. Feza akayakata madai mengine kwenye faktire, akaandika sababu, Lucien akatia sahihi.

Lakini masanduku ya upande wa jua yalipofunguliwa, Mama alibonyeza samaki mmoja kwa kidole gumba. Shimo likabaki; samaki alikuwa ameanza kuharibika.

"Hesabu yako iko sawa," alisema taratibu. "Lakini samaki haingojake hesabu. Toka leo bordero itangulie kufika, ukague mbele kamioni haijafika."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa kimbia kwa bamama bakausha samaki. Babebe chumvi, tukaushe hii mbele haijaoza."

Feza alikaza kitambaa kichwani, akakimbia, akiomba tena njiani: Bwana, akina mama wawepo nyumbani.