Jagi la Njano la Mwarandu

Jagi la njano lilikaa mlangoni mwa gereji ya Mwarandu, Miritini, miaka ishirini na minane. Lilijaa maji ya kisima, nalo lilikuwa limeshibisha rejeta za malori yasiyohesabika. Na mazoea, jamani, yana taabu: asubuhi hiyo mkono wake ulilichukua wenyewe, ukajaza tangi dogo la kupozea betri ya gari la umeme la Josephine.

Mengine aliyapatia. Oili ya gia alitia ileile iliyoandikwa kitabuni, na mafuta ya breki aliyabadilisha yote, maana hewa ya pwani huyatia maji hata kama breki hazitumiki sana. Josephine akashukuru, akaenda zake stesheni kupokea abiria. Gari hilo ndilo shamba lake. Alilinunua kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe.

Dama, bintiye Mwarandu, aliyesomea magari hayo, alirudi kutoka dukani na kopo la dawa ya kupozea, akalikuta jagi tupu.

"Baba, umetia maji ya kisima?"

"Maji ni maji."

"Yale yana chumvi. Yatakula mabati ya kupozea yaliyo ndani ya betri, kidogo kidogo. Yakitoboka, maji yenye chumvi hupitisha umeme. Betri ndiyo imekwisha."

"Leo?"

"Leo gari halitakuwa na neno. Labda baada ya miezi, labda mwaka."

Mwaka! Mwarandu akaketi, akainuka. Akashika spana, akaiweka. Baada ya mwaka nani angemkumbuka fundi? Watu wangesema magari ya umeme ni mabovu, basi. Akatoka hadi barabarani, akarudi. Aliona haya, na haya ile ilimchoma zaidi alipogundua kwamba alikuwa anapiga hesabu ya kunyamaza.

Akapiga simu. "Mama Josephine, rudi. Nimekosea."

Josephine alirudi jioni, uso umekunjamana. Mwarandu akamweleza yote bila kujitetea, huku Dama akimwaga yale maji, akisafisha njia zake mara tatu kwa maji yaliyotolewa chumvi, kisha akitia dawa iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na kutoa hewa. Josephine alitazama mpaka mwisho.

"Mzee, ungeninyamazia, ningejua?"

"Usingejua."

Josephine akaitikia kwa kichwa polepole. Mwarandu alianza kupumua, akidhani amesamehewa. Ndipo mama yule alipoligusa lile jagi kwa ncha ya kiatu.

"Magari ya umeme uliyoyatilia maji haya, langu ni la ngapi?"

Dama akaacha kufuta mikono.

Mwarandu akamtazama bintiye, akalitazama jagi. Liko gari la mteja wake Kiponda, linalokwenda Bamburi kila siku. Liko la Florence wa Kisauni, ambalo tangu Pasaka hajaliona tena.

"La tatu," akasema, na simu tayari ilikuwa sikioni.