Mstari Uliobaki Ukurasa wa Pili

Tangazo la kodi lilimhamisha bure Katungu, mpangaji mwenzetu aliyekimbia vita kwao Mangina. Mwenye parcelle yetu, kiwanja cha vyumba vya kupanga hapa Butembo, Papa Apollinaire, alitaka PDF ya ukurasa mmoja, maandishi makubwa ya kusomeka toka mlangoni. Kwenye kibanda cha kompyuta, mchapaji Valère alikuza maandishi mpaka mstari wa mwisho ukaangukia ukurasa wa pili, naye akachapisha wa kwanza tu. Ukutani tulisoma: chumba kitapanda kutoka dola ishirini hadi thelathini, kuanzia Juni. Mstari uliokosekana ulisema waliokimbia vita wataendelea kulipa ishirini.

Nilimkuta Katungu akifunga godoro.

“Mama, unaenda wapi?”

“Niko narudi Mangina.”

“Mais kule kuko bita!”

“Na hapa kuko bita ya kodi, papa. Ile ya kule ninaizoea.”

Aliondoka na watoto wake wawili kwa lori la kwenda Beni. Jioni Apollinaire aliona kosa. Valère akapunguza kichwa cha tangazo, yote yakaenea ukurasa mmoja, na bado yalisomeka toka mlangoni. Tulimpigia Katungu, simu haikuita.

Cherehani yake aliiuza apate nauli. Watoto wale wawili walipoteza mwaka wa shule. Simu haijaita mpaka leo.