Saa Arobaini za Mwajabu

Karatasi za mahudhurio kutoka kituo cha kamba cha Salale zilifika ofisini Kibiti kila Jumatatu, zimefungwa katika mfuko wa plastiki, na harufu ya kamba haikuzitoka. Msimamizi wa kituo, Mzee Mtoro, aliziandika kwa mkono wake. Kazi ya kukata vichwa vya kamba hufuata maji, hivyo siku hazikufanana. Wanawake waliweza kuingia saa 11.30 alfajiri na kutoka saa 6.45 mchana. Mtoro alipata saa saba na robo, akaondoa nusu saa ya chakula, akaandika pembeni: 6.45. Nukta hiyo ilitenga saa na dakika, kama alivyozoea tangu shuleni.

Shufaa, karani mpya wa mishahara, aliziingiza tarakimu kwenye kompyuta kama zilivyo.

Juma lile halikuwa kama mengine. Kamba walikuwa wamepungua, na kampuni ilitangaza kwamba atakayetimiza saa arobaini katika juma hilo atabaki kazini, wengine wataondoka. Mwajabu, mjane aliyekuwa akiwalisha wajukuu watatu kwa kazi hiyo, hakukosa hata siku moja. Jumla yake ilisomeka 38.55. Jina lake likakatwa.

Jumatatu iliyofuata Shufaa alikuwa akiingiza karatasi mpya. Maji yalikuwa yamekatiza kazi katikati, na mfanyakazi mmoja alikuwa na vipindi viwili, kimoja cha 3.30 asubuhi na kingine cha 3.30 alasiri. Kompyuta ikaleta 6.60.

Shufaa akaitazama ile sitini. Saa tatu na nusu mara mbili ni saa saba. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Dakika thelathini ni nusu ya saa, na nusu ya saa huandikwa 0.50. Ilipasa kila dakika igawanywe kwa sitini kabla ya kujumlishwa. Akakumbuka jina lililokatwa kwa 38.55.

Akaitoa karatasi ya Mwajabu katika faili, akaanza upya. Jumatatu, 6.45, ikawa 6.75. Jumanne, 6.50, ikawa 6.83. Jumatano, 6.30, ikawa 6.50. Alhamisi, 6.40, ikawa 6.67. Ijumaa, 5.45, ikawa 5.75, na Jumamosi, 7.45, ikawa 7.75. Jumla: 40.25.

Alibeba karatasi mpaka ofisini kwa meneja, Bwana Feisal.

“Bosi, nimemwondoa mtu kazini kwa kosa langu.”

Feisal aliisoma mara mbili. “Wewe na Chuo cha Biashara chako! Hukufundishwa huko?”

“Nilifundishwa. Sikumwuliza Mzee Mtoro nukta yake ina maana gani.”

“Basi mlipe saa zilizopungua, uingize katika mshahara wa juma hili. Yaishe kimya kimya.”

“Na kazi yake?”

“Nafasi zilizobaki zimejaa. Nimtoe nani tena, Shufaa? Wewe?”

“Ikibidi, mimi.”

“Usinichekeshe. Nenda.”

Aliandika masahihisho, akayatia sahihi kwa jina lake kamili, ingawa hakuna aliyemtaka kufanya hivyo. Keshoye alishuka Nyamisati, akapanda boti hadi Salale, akiwa na nakala mkobani.

Mzee Mtoro alimkuta gatini. “Karani mwenyewe leo! Umekuja kukata vichwa au kukatwa?”

Shufaa hakucheka. Alimweleza, na mzee akavua kofia yake, akaishika. “Tangu zamani naandika hivyo,” alisema taratibu. “Makarani wote walinielewa.”

Mwajabu alikuwa mlangoni pake, akipepeta mpunga wa kuazima. Wajukuu wawili walikuwa wamelala mchana. Wa tatu hakuwapo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Mkubwa nimempeleka Mohoro kwa shangazi yake, nisije nikamlaza njaa.”

Shufaa alimweleza kila kitu bila kujitetea, akamwonyesha mstari wa mwisho. Mwajabu hakuweza kusoma desimali, lakini arobaini aliijua. Aliigusa kwa kidole.

“Kwa hiyo nilifika.”

“Ulifika, bibi. Na ukazidisha robo saa.”

“Na kazi?”

“Wamekataa kuirudisha. Nitaomba tena Jumatatu, na Jumatatu nyingine.”

Mwajabu aliikunja karatasi, akairudisha mkononi mwa Shufaa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwumiza binti.

“Ibaki kwako. Mimi nikiiweka hapa, itanifanya niamke alfajiri nikidhani nachelewa.”

Akarejea kwenye ungo wake. Shufaa alisimama uani mpaka mwenye boti alipoanza kuita abiria, kwa kuwa maji yalikuwa yakipwa.